Mtego wa Kurasa Mbili

Mnamo Novemba 1997, kati ya mitambo minne mikubwa ya kibiashara ya kutafutia habari mtandaoni, ni mmoja tu ulioweza kujipata wenyewe. Yaani ukiuandikia jina lake, ukurasa wake ulitokea kati ya majibu kumi ya kwanza. Hiyo mingine mitatu, wapi! Walioyaandika haya ni Sergey Brin na Larry Page, wanafunzi wa uzamifu wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika makala waliyoipeleka kwenye mkutano wa Brisbane, Australia, Aprili 1998.

Shida ilikuwa kwamba mitambo ya wakati ule ilitegemea sana maneno. Ukurasa uliolirudiarudia neno ulionekana kulijua. Page na Brin walitazama kitu kingine, yaani viungo. Ukurasa ukiunganisha kwa mwingine, wameupigia kura. Lakini kura hazina uzito sawa. Kura ya ukurasa unaosifika inazidi ya ukurasa usiojulikana, na ukurasa wenye viungo kumi unaigawa kura yake mara kumi.

Hapo msomaji makini atauliza: uzito wa mpiga kura nao unatoka wapi? Unatoka kwa waliompigia yeye. Na wao je? Tunazunguka. Mzunguko huu si mpya. Mwaka 1895 kijana Mjerumani wa miaka 18, Edmund Landau, aliukuta katika mashindano ya sataranji, akitaka ushindi dhidi ya mchezaji hodari uhesabiwe zaidi ya ushindi dhidi ya mchezaji dhaifu. Mwaka 1976 Gabriel Pinski na Francis Narin waliutumia kupima majarida ya sayansi kwa jinsi yanavyonukuliana. Wote waliishia pahali pamoja: unatafuta orodha ya namba ambayo, ukiipitisha kwenye jedwali la nani kamchagua nani, inatoka na uwiano ule ule iliyoingia nao. Wanahisabati huiita vekta eigeni, kutokana na neno la Kijerumani lenye maana ya “ya mwenyewe”. Jedwali moja linaweza kuwa na vekta kadhaa za namna hiyo. Ile kuu ndiyo inayobaki ukirudia kupitisha namba tena na tena, huku nyingine zikififia.

Kwa miaka mingi niliridhika na maelezo hayo, hadi nilipochukua penseli nikajaribu kwa kurasa nne. Hapo ndipo niliponaswa.

Tuziite A, B, C na D. A inaunganisha kwa B na kwa C. B inarudisha kwa A. C inaunganisha kwa D peke yake, na D kwa C peke yake. Weka wasomaji 100, 25 kila ukurasa, na kila mzunguko wafuate viungo. Baada ya mzunguko wa kwanza A ina 25, B 12.5, C 37.5 na D 25. (Usinicheke kwa nusu mtu, ni hesabu tu.) Baada ya wa pili, A na B zina 12.5 kila moja, C na D 37.5. Baada ya wa nne, A na B zimebaki na 6.25 kila moja. Kila mizunguko miwili zinapoteza nusu. Kufikia wa ishirini zina kama 0.02, na C na D zimegawana karibu wote.

Ukitazama, C na D hazijafanya lolote la maana. Zimeelekezana tu, kama maduka mawili jirani ambayo kila moja linamwambia mteja aende kwa mwenzake. Aliyeingia humo hatoki. Page na Brin, pamoja na Rajeev Motwani na Terry Winograd, waliueleza mtego huu katika ripoti yao ya Stanford, wakaufananisha na shimo linalomeza cheo. Kwenye mtandao wa mamilioni ya kurasa, mashimo ya aina hii hayakosekani.

Dawa yao ilikuwa kipunguzo, kwa kawaida 0.85. Kila mzunguko, asilimia 85 ya wasomaji wanafuata viungo, na asilimia 15 wanaacha viungo kabisa na kurukia ukurasa wowote kwa bahati nasibu. Kwetu wanaoruka ni 15, kwa hiyo kila ukurasa unapata 3.75 bure:

```
A = 3.75 + 0.85·B
B = 3.75 + 0.85·A/2
C = 3.75 + 0.85·(A/2 + D)
D = 3.75 + 0.85·C
```

Ukizitatua, A inapata 10.86, B 8.37, C 41.63 na D 39.14. Jumla ni 100. A na B zimefufuka.

Kawaida hadithi husimuliwa kana kwamba wavumbuzi walianza kwa kumfikiria msomaji anayebofya, akachoka, akaenda kwingine. Katika ripoti ile mpangilio ni tofauti: shimo linatajwa kwanza, chanzo cha cheo cha kuliziba kinafuata, ndipo anapoletwa msomaji aliyechoka. Kwangu yeye ni maelezo mazuri ya kiraka. (Tena kwenye makala ya Brisbane fomula imeandikwa kwa namna ambayo jumla ya vyeo huwa sawa na idadi ya kurasa, ilhali maandishi yanasema jumla ni moja. Hata wakubwa hukosea.)

Kiraka hicho kina nguvu ya aina mbili. Mwaka 1907 Oskar Perron alithibitisha kwamba jedwali ambalo kila namba yake ni kubwa kuliko sifuri lina vekta eigeni kuu moja tu, yenye namba chanya tupu. Ule mruko wa asilimia 15 unaijaza kila nafasi iliyokuwa sifuri, hivyo jibu lipo na ni moja, hata uanzie wapi. Pili, kosa linapungua kila mzunguko hadi 0.85 ya lilivyokuwa, au chini ya hapo. Mizunguko 50 inalifikisha karibu 0.0003. Ripoti yao inasema viungo milioni 322 vilihitaji takriban mizunguko 52. Ungechagua 0.99 ili uviheshimu viungo zaidi, ungehitaji zaidi ya 800 kufikia usahihi ule ule.

Lakini rudi kwenye majibu yetu. C na D bado zina zaidi ya 80 kati ya 100. Kipunguzo kimeuzuia mtego usimeze kila kitu, hakikuuvunja. Nikajaribu kuuvunja kwa kiungo kimoja: C iunganishe pia kwa A. Nikahesabu upya. A na C zikapata 32.46 kila moja, B na D 17.54. Mtandao umekuwa wa haki zaidi, ila tazama nani kalipa. C imeshuka kwa zaidi ya 9, na D, ambayo haikuulizwa, imepoteza zaidi ya nusu.

Mwenye C akiijua fomula, kiungo hicho atakifuta jioni hiyo hiyo. Fomula ilichapishwa mwaka 1998, na haikuchukua muda mrefu watu wakaanza kujenga kurasa kwa maelfu ambazo kazi yake ni moja tu, kuelekezana.