Peso iliyoshuka tone kwa tone

Mwishoni mwa Novemba 1966, Rais Carlos Lleras Restrepo wa Kolombia alitokea kwenye televisheni na kutangaza kwamba hatashusha thamani ya peso. Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) lilikuwa likimbana afanye hivyo, maana bei ya kahawa ilikuwa imeanguka na hazina ya dola ilikuwa karibu kukauka. Badala ya kukubali, alifunga soko huru la fedha za kigeni.

Ukaidi wake ulikuwa na sababu. Mwaka 1962 serikali iliyotangulia ilishusha peso kwa mkupuo mmoja, dola ikapanda kutoka peso 6.70 hadi 9. Mishahara ikapandishwa kufidia, na mwaka uliofuata bei za bidhaa zikaruka kwa zaidi ya asilimia 30. Faida yote waliyotarajiwa kuipata wauzaji wa bidhaa nje ya nchi ikamezwa, na wananchi wakabaki na hasira.

Lakini Lleras alijua vilevile kwamba peso haiwezi kusimama pale pale huku bei za nyumbani zikipanda kila mwaka. Jibu likaja Machi 1967, katika Amri namba 444. Dola zote za mauzo ya nje zilitakiwa kuuzwa Benki Kuu, na benki hiyo ikaanza kusogeza bei ya dola kidogo kidogo, bila kutangaza tarehe wala kiasi. Wakolombia wakauita utaratibu huo kushusha thamani tone kwa tone.

Hesabu ya tone moja si ngumu. Tuchukue mfano wa bei kupanda kwa asilimia 20 kwa mwaka Kolombia, na asilimia 5 Marekani. Ili kahawa na maua ya Kolombia yasiwe ghali mno kwa mnunuzi wa nje, dola inabidi ipande kwa karibu asilimia 15 kwa mwaka, yaani kama asilimia 1.2 kwa mwezi. Dola ikiwa ni peso 20, hizo ni senti 23 kwa mwezi, au takriban senti moja kila siku ya kazi.

Senti moja haimpeleki mtu mitaani kuandamana. Tena inamnyima ulaji mlanguzi. Zamani, aliyenusa habari kwamba peso itashushwa aliweka dola zake uvunguni, akisubiri kuvuna theluthi nzima kwa usiku mmoja. Sasa akisubiri mwezi mzima anapata asilimia 1.2, na kama riba ya benki kwa peso inazidi hapo, amepata hasara kwa kukaa na dola.

Kasoro yake ilijificha ndani ya hesabu hiyohiyo. Bei zikipanda, dola inasogezwa. Dola ikisogezwa, mafuta na vipuri vya nje vinapanda bei, kisha bei hizo zinaingia katika hesabu ya hatua inayofuata. Kwa maoni yangu hapa ndipo Kolombia ilipolipia utulivu wake: kwa miaka mingi, tangu katikati ya miaka ya 1970, mfumuko wa bei mara nyingi uling'ang'ania asilimia 20 na zaidi.

Jaribu lingine lilikuwa neema. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazili, bei ya kahawa duniani ikapaa, dola zikamiminika Bogota. Serikali ikapunguza mwendo wa hatua zake, na peso ikawa ghali. Dalili zilionekana miaka ya 1980 ilipoanza: bidhaa za nje zikawa rahisi kuliko za viwanda vya nyumbani, na akiba ya dola ikaporomoka.

Kilichofuata ndicho ninachokistaajabia zaidi. Mwaka 1985 hatua ziliharakishwa, dola ikatoka takriban peso 114 hadi 172 kufikia mwisho wa mwaka. Ni zaidi ya asilimia 50, wakati bei za bidhaa zilipanda kwa chini ya nusu ya hiyo, na hapakuwa na hata siku moja ya kushtua. Mkupuo wa 1962 ulikuwa mdogo kuliko huo, lakini ndio uliozua kizaazaa.



Utaratibu wa tone kwa tone ulihitaji benki moja ishike dola zote. Kolombia ilipolegeza udhibiti huo mwaka 1991, nguzo yake ikaondoka. Mwaka 1994 Benki Kuu iliweka sakafu na dari, peso ikacheza katikati. Septemba 1999, baada ya dari kusukumwa tena na tena, iliviondoa vyote viwili na peso ikaachwa ielee. Tangu hapo bei inapangwa na soko. Benki huingia mara mojamoja, kununua dola za akiba au kutuliza mtikisiko, bila kuahidi kiwango chochote.