Silsila Si Juzuu

Mhariri wa jarida moja alinirudishia makala yangu akiwa amelifuta neno "silsila" kila nilipoliandika, akaweka "mfululizo". Hilo ningelimeza. Lakini penye namba ya kitabu aliandika "juzuu ya 4", kwa hoja kwamba ndivyo ilivyokwisha kuamuliwa. Basi *Diwani ya Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy*, iliyohaririwa na William Hichens na kuchapishwa Johannesburg mwaka 1940, ikageuka juzuu. Baadaye mwanafunzi akaniuliza juzuu tatu za kwanza za Muyaka zinapatikana wapi. Hazipo, wala hazijapata kuwapo. Hiyo 4 ni namba ya diwani katika silsila ya Bantu Treasury, aliyoihariri C. M. Doke. Namba 1, ya mwaka 1935, ni mashairi ya Kizulu ya B. W. Vilakazi.

Juzuu ni sehemu ya kitu kimoja. Aliyepita chuoni anajua kwamba Kurani ina juzuu 30, na ikikosekana moja msahafu haujatimia. Mwondoe Muyaka katika Bantu Treasury, Vilakazi hapungukiwi hata ubeti. "Mfululizo" nao unatokana na kufululiza, kwenda bila kukatika, kama mvua ya masika. Hadithi inayotoka gazetini kila wiki inafululiza; Mzulu na Mmvita hawakufululizana popote.

Silsila kwa Kiarabu ni mnyororo, na Waarabu wenyewe huliita hivyo kundi la vitabu vinavyotolewa chini ya jina moja. Pwani tunalo tangu zamani: silsila ya ukoo, silsila ya masheikh wa tarika. Kila sheikh ni mtu kamili, ana wanafunzi wake na kaburi lake, ila ijaza imemuunga na waliomtangulia. Sioni neno linalokieleza vizuri zaidi kitabu kinachojitegemea kikiwa na wenzake. Wanaonung'unika kwamba linanukia Uarabu watueleze "kitabu" na hiyo "juzuu" yao walizitoa wapi.

Katika marejeo ya mtindo wa Chicago, silsila hukaa baada ya jina la kitabu na mhariri wake, kabla ya mahali na mchapishaji, kwa herufi za kawaida wala si italiki:

Muyaka bin Haji. *Diwani ya Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy*. Imehaririwa na William Hichens. Bantu Treasury, mhariri C. M. Doke, na. 4. Johannesburg: University of the Witwatersrand Press, 1940.

Mhariri wa silsila si lazima atajwe; akiachwa, namba hufuata jina la silsila bila mkato: Bantu Treasury 4. Akitajwa, asivuke kwenda upande wa kitabu. Jarida lile lilimtanguliza Doke mbele ya Hichens, likampa kazi ya kuhariri mashairi ya Muyaka ambayo hakuifanya, na barua yangu ya kuomba sahihisho haijajibiwa.