Taipu C inayocheza: kosa la simu au la waya?

Wadau, wiki iliyopita simu yangu ilianza vituko. Nachomeka chaji inakubali, nikiiweka mezani inakata. Kichwa cha waya kinacheza kama jino la mtoto. Fundi wa mtaani hakutaka hata kuangalia ndani: "Sistimu chaji imekufa hiyo, badilisha." Hela yenyewe sina, nikaona nichunguze kwanza.

Kucheza kidogo ni kawaida. Tundu la Taipu C lina upana wa milimita 8.34 na kimo 2.56, kichwa cha waya ni 8.25 kwa 2.40. Kwa hiyo hata simu mpya inaacha nafasi ya kuyumba. Kinachokishika kichwa kisitoke ni springi mbili ndogo, kulia na kushoto, zilizomo ndani ya kichwa chenyewe. Ukisukuma mpaka mwisho zinanasa kwenye mikato iliyo pembeni mwa ule ulimi wa katikati ya tundu, unasikia "tik".

Springi ziliwekwa kwenye waya makusudi, ili kinachochakaa mapema kiwe kile cha bei rahisi. Ndiyo maana waya mwingine unaweza kusaidia kweli, ila kama springi ndizo zimechoka. Nikajaribu. Waya wangu kwenye simu ya dada ukanasa vizuri tu. Waya wake, mpya kabisa, kwenye simu yangu ukacheza vilevile. Basi waya hauna kosa.

Ila nikagundua kitu. Kwa dada kichwa kiliingia chote, kwangu kilibaki nje kama milimita moja hivi. Nikazima simu, nikachonga kijiti cha meno kiwe chembamba, nikachokonoa taratibu kandokando ya ulimi. Yakatoka manyoya ya mfuko wa suruali, yameshindiliwa mpaka yamekuwa kama kizibo! Springi zilikuwa haziifikii ile mikato. Nikachomeka tena: tik. (Sindano achana nayo, inakwangua pini na inaweza kupiga shoti.)

Sasa kama tundu ni safi, kichwa kinaingia chote, na waya mpya mzuri bado unachomoka kirahisi, mikato imelika au tundu limepanuka. Ukiona tundu lenyewe linatikisika pamoja na waya, risasi iliyolishika kwenye bodi imeachia. Hapo hakuna waya utakaosaidia, na ule mchezo wa kukunja waya na kuubana kwa rababendi unazidi kuling'oa. Mpelekee fundi, umuulize kama simu yako ina kibodi kidogo cha chaji cha peke yake, maana hicho kinabadilishwa kizima bila kugusa bodi kubwa. Na kichwa kikiwa cha moto au kikinuka kuungua, chomoa papo hapo.

Fundi wangu nilimrudia na yale manyoya kwenye karatasi. Akacheka tu.