Muhogo Mchungu na Siku Zilizoibwa

Uwandani Ufipa tumekulia ulezi na mahindi. Muhogo hupanda kutoka chini, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika na bonde la Rukwa, na Sumbawanga mjini tunaukuta sokoni umeshakauka, mweupe kama chokaa. Labda ndiyo sababu nilifika shahada ya uzamili nikidhani kwamba sumu ya muhogo huisha kwa kupikwa. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla moto haujawashwa, na anayeifanya ni muhogo wenyewe.

Sianidi ndani ya muhogo haikai wazi. Imefungwa kwenye kitu kiitwacho linamarini, na kimeng'enya cha kuifungua, linamarase, kimewekwa mbali nayo, kwenye kuta za seli. Muhogo ukitwangwa, ukikunwa au ukilowekwa hadi ukaoza kidogo, kuta huvunjika na viwili hivyo hukutana. Kwanza hutokea sianohaidrini, kisha hiyo huvunjika na kutoa gesi ya haidrojeni sianidi inayopotelea hewani. Kwa hiyo yanatakiwa mambo matatu: kuvunjwa, maji na muda. Kipande kikubwa kikikaushwa juani haraka, maji huisha kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi, na linamarini hubaki ndani ya unga.

Wanaoloweka walilijua hili bila maabara. Bibi yangu hahesabu siku. Hubonyeza muhogo kwa kidole gumba, kisha huvuta ule uzi mgumu wa katikati. Ukitoka bila kubishana, muhogo umeiva. Mwambaoni, kwenye joto, huweza kuwa siku ya tatu au ya nne. Huku juu, Juni na Julai, baridi huchelewesha uchachu, na anayehesabu siku za mwambaoni huutoa muhogo ukiwa bado mgumu. Hapa kidole kinajua kuliko kalenda.

Sasa tazama kinachotokea muda unapoibwa. Mwaka 1985 ukame uliipiga Tarime, mkoani Mara. Watu walianza kuamka miguu imekakamaa, pande zote mbili kwa pamoja, akili zao zikiwa timamu. William Howlett, Nicholas Mlingi, Hans Rosling na wenzao walieleza wagonjwa 39 wa ugonjwa huu uitwao konzo. Jina hilo ni la Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Ulemavu huu hauongezeki baada ya kuanza, lakini pia hauondoki.

Miaka mitatu baadaye, 1988, ukame ulifika Masasi. Huko kulikuwa na njia ya haraka iitwayo chinyanya: muhogo mbichi humenywa, hutwangwa, huanikwa, hutwangwa tena, na unga huliwa siku ile ile. Walaji walitapika na kushikwa na kizunguzungu. Kinu kilikuwa kimeshafanya nusu ya kazi, maana kilivunja seli na linamarini ikageuka sianohaidrini. Kilichokosekana ni saa za kuiacha ivunjike na gesi iondoke. Kwa maneno mengine, unga ulikuwa katikati ya safari.

Sikubali maelezo kwamba wale akina mama walikosea mapishi. Mvua ikikosekana, muhogo wenyewe huongeza sumu. Nyumbani hakuna kingine cha kula, na watoto hawawezi kungoja siku nne. Isitoshe, mwili husafisha sianidi kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini, na maharage, samaki na dagaa ndivyo vya kwanza kutoweka mezani.

Maabara tunapima kwa karatasi ya pikrati. Miligramu 100 za unga huwekwa kwenye kichupa pamoja na maji, na karatasi ya njano huning'inizwa juu yake. Kifuniko hufungwa hadi kesho. Gesi inayotoka huigeuza karatasi kuwa ya kahawia, na rangi hulinganishwa na chati. Kiwango kinachokubalika kimataifa kwa unga ni miligramu 10 kwa kilo.

Unga uliozidi hapo hautupwi. Howard Bradbury wa Australia alionyesha kwamba kimeng'enya bado kimo ndani yake, kimesimama tu kwa kukosa maji. Unachanganya unga na maji hadi uwe tope, unautandaza mkekani usizidi unene wa sentimita moja, kisha unauacha saa mbili juani au saa tano kivulini. Baada ya hapo unasongwa ugali siku ile ile. Sianidi hupungua hadi theluthi au chini ya hapo. Katika kijiji cha Kay Kalenda, Kongo, wanawake walipofundishwa hivyo hakukuonekana mgonjwa mpya wa konzo katika kipindi cha ufuatiliaji.

Unene nao una maana. Ukirundikwa kama kichuguu, tope la katikati halipumui, na gesi hubaki humo humo.