Puja ya nyumbani

Puja ya nyumbani ni ibada ya Wahindu inayofanywa mbele ya madhabahu ndogo, mara nyingi rafu yenye sanamu au picha ya mungu, na namna yake fupi huitwa panchopachara, yaani matoleo matano. Mwenye kuabudu huoga, huwasha taa ya samli, kisha humtaja kwanza Ganesha, mwondoa vikwazo, kwa mantra “Om Gam Ganapataye Namaha”, hata kama puja ni ya mungu mwingine. Baadaye hutolewa rojo ya msandali, maua, moshi wa udi, mwanga wa taa na chakula, kwa mpangilio huo, na kila tendo huambatana na jina la mungu, mara nyingi pamoja na neno samarpayami, maana yake “natoa”. Taa huzungushwa kwa mkono wa kulia kama mishale ya saa, huku wa kushoto ukitikisa kengele. Kinachohitaji uangalifu zaidi ni chakula, kwa kuwa mpishi akikionja kabla, hakifai tena kutolewa. Kisichoonjwa, kikishatolewa, huitwa prasada na hugawiwa wote waliopo.