Tambi za Mboga, au Tambi za Mimea Mitupu?

Imeenea siku hizi, katika matangazo ya maduka na hata katika orodha za maneno zitungwazo na watu waliokabidhiwa dhamana ya kutunga, ibara hii ya "tambi za mboga", nayo imekusudiwa kumwarifu mnunuzi kwamba tambi zilizomo pakitini hazikuchanganywa na yai, wala maziwa, wala kitu chochote kitokacho kwa mnyama. Makusudio sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na neno. Mtu wa Tanga akiambiwa "tambi za mboga" atafahamu moja katika mambo mawili: ama ni tambi zilizopikwa kwa karoti na pilipili hoho, ama ni tambi zitakazowekwa kando ya sinia kuwa za kuteremshia kingine, kwani katika nyumba zisizo chache za mkoa huu, tangu Pangani hadi Lushoto, mboga ni kila kinachosindikiza ugali, na dagaa wamo. Hivyo neno lililowekwa mlangoni kumzuia mnyama limemkaribisha samaki kwa mikono miwili, na waliolipitisha, ambao naamini hawakosi kula, wameridhika nalo.

Kosa hili lina asili yake. Waingereza walikuwa na jina moja la watu wasiokula nyama, na ndani ya jina hilo walihesabiwa pia wale wanywao maziwa na kula mayai. Hata ilipofika Novemba 1944, Donald Watson na wenzake wachache wakaunda chama chao mbali, kwa ajili ya wale wasiotaka kitu chochote cha mnyama, wakachukua herufi tatu za mwanzo na mbili za mwisho za jina la zamani, wakapata neno jipya, nasi tukilitamka Kiswahili tutasema vigani. Faida yote ya neno hilo, basi, imo katika mpaka uliopigwa baina ya asiyekula nyama na asiyekula hata yai. Kuwaita wote wawili "wala mboga" ni kuufuta mpaka ule ule ambao kwa ajili yake neno liliumbwa.

Mimi nilipendekeza, na ningali napendekeza, tuseme chakula "cha mimea mitupu", na mwenye kukifuata tumwite mlamimea. Pendekezo hilo lilipokelewa kwa kicheko na bwana mmoja ambaye adabu yanikataza kumtaja, aliyesema ya kuwa mitupu ni uchi, na kwamba naivua mimea nguo. Sikumjibu siku ile. Leo namuuliza kama amewahi kuagiza chai tupu, na kama aliletewa kikombe kisicho na kitu au alipewa chai isiyo na maziwa. Na ugali mtupu kwao waliuelewa vipi miaka ya dhiki? Tupu, ikifuata jina la kitu, maana yake ni kitu hicho peke yake bila ya mwenzake, na hiyo ndiyo maana tunayoitafuta. Mwengine alitaka tuseme "nabati", kwa kuwa Waarabu hulitumia; lakini kwetu nabati ni sukari ile ya mawe ipewayo watoto, na Waarabu wenyewe humwita hivyo hivyo anywaye maziwa na asiyeyanywa.

Tuje kwa tambi zenyewe. Nionavyo mimi, jina hili limetoka katika utambi wa taa, ule uzi wa pamba unaokunywa mafuta, na wingi wake ni tambi. Bibi zetu walipouona unga uliokandwa ukatolewa nyuzi nyuzi, waliuita kwa umbo lake. Mataifa mengine yalifanya hayo hayo. Wataliana waliziita nyembamba zake kwa jina la viminyoo, na Waarabu wamezifananisha na nywele wakaziita shaariya. Kabla ya hapo Waarabu walikuwa na neno itriya, nalo lina asili ya Kiyunani, na Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154 katika ufalme wa Roja wa Sisili, ameandika kuwa huko Trabia, karibu na Palermo, itriya ilitengenezwa kwa wingi ikasafirishwa nchi za Waislamu na za Wakristo. Chakula cha kusafirishwa namna hiyo hakina budi kuwa kikavu.

Nimeirefusha safari hii kwa sababu. Neno tambi ni jina la umbo, halisemi lolote juu ya kilichomo, ndiyo maana twasema tambi za dengu kwa kitu kisicho na chembe ya ngano, kilichokaangwa na kuuzwa kwa kutafunwa. Anayedai kwamba tambi, kwa kuwa ni tambi, lazima ziwe na yai, au lazima zisiwe nalo, analitwisha neno mzigo ambao halikuumbwa kuubeba.

Na hakika ya jambo ni kuwa tambi kavu, aghalabu, hazina yai. Zile ndefu zinyookazo na zile za makaroni hutengenezwa kwa ngano ngumu, iliyosagwa ikabaki chenga za manjano, ambazo wengine huziita semolina na wenye maduka ya Kihindi huziita suji. Chenga hizo hukandwa kwa maji, donge likasukumwa kwa nguvu katika matundu ya shaba nyeusi au ya plastiki isiyonata, kisha zikakaushwa taratibu. Ngano ngumu ina utomvu mwingi wenye kushikana, na ukikaushwa vyema hushika umbo katika maji yanayochemka pasipo msaada wa yai. Yai liliingia katika tambi mbichi za kaskazini ya Italia, ambako unga ulikuwa wa ngano laini na wapishi wakahitaji kitu cha kuganda kwenye moto na kuuimarisha. Kutoka huko likahamia katika baadhi ya tambi kavu, hasa zile pana za mikanda na zile zilizoviringwa mfano wa viota. Rangi ya manjano si ushahidi, maana ngano ngumu ina manjano yake ya asili, na manjano ya bizari nayo hutiwa.

Sheria ya Italia ya 1967, nambari 580, ilitenga aina hizi mbili waziwazi, na amri ya 2001 haikubadili kiini chake: za kawaida ni semolina na maji, na zinazoitwa za mayai hazipungui mayai manne mazima, yenye uzito usiopungua gramu 200 bila ya ganda, kwa kila kilo ya semolina. Kwa hiyo mtengenezaji aliyetia mayai hana sababu ya kuyaficha. Ameyalipia, na atayatangaza usoni mwa pakiti.

Mnunuzi wa Ngamiani hahitaji istilahi yangu wala ya wapinzani wangu, humuuliza mwenye duka, "Hizi zina yai?" na mwenye duka hujibu hapana bila kutazama. Heri atazame. Kanuni za kimataifa za kuandika lebo zataka viambato vipangwe kwa uzito, kilicho kingi mbele, na yai litajwe kila lilipo kwa sababu lawadhuru baadhi ya watu. Na katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, jina la yai lazima lipambanuliwe kwa maandishi yaliyo tofauti, aghalabu meusi zaidi. Pakiti iliyoandikwa Kitaliana itasema uova au uovo, ya Kituruki yumurta. Na ya Kiarabu itakuwa na ba, ya na dhadi, ambazo aliyesoma chuoni hatashindwa kuziunganisha. Yakiwapo maneno kwamba huenda kukawa na chembe za yai, maana yake ni kuwa mashine ile ile hutumika kwa aina zote mbili: ni onyo kwa mwenye kudhurika, wala haligeuzi mapishi.

Lebo ikiwa imechakaa au lugha yake haijulikani, tazama jedwali la lishe, mstari wa kolesteroli, kama upo, kwa kuwa kitu hicho kiasi cha kuhesabika hutoka kwa wanyama tu. Tuzipige hesabu tambi za mayai za sheria ile: gramu 200 za yai zina takriban miligramu 740 za kolesteroli, maji ya yai yakikauka hubaki yapata gramu 50 juu ya kilo ya semolina, basi kila gramu 100 za tambi zitakuwa na miligramu 70 hivi. Zilizo tupu zitaandikwa sifuri. Lakini kipimo hiki kina tundu, nalo ni ute mweupe wa yai, usio na kolesteroli, ambao Wamarekani wameruhusu utiwe kidogo katika makaroni ya kawaida. Huo hukamatwa katika orodha ya viambato tu, kwa jina lake au kwa jina la albumeni.

Yako mengine matatu ya kuangaliwa. Tambi nyeusi hupakwa weusi kwa wino wa ngisi. Zile za kukunjwakunjwa zinazoiva kwa dakika chache, tambi zake zaweza kuwa safi na kijipakiti cha viungo kikawa na unga wa kuku au wa maziwa. Na pakiti zitokazo India huwa na kitone cha kijani ndani ya mraba wa kijani: kitone hicho chathibitisha kwamba yai halimo, kwa kuwa yai huko huhesabiwa na nyama, ila maziwa hakiyakatai. Wamisri nao huandika siyami juu ya chakula cha mfungo wa Wakristo wao, kisicho na nyama wala yai wala maziwa, ingawa katika baadhi ya mifungo yao samaki huruhusiwa. Yupo aliyetaka tulichukue neno hilo tuseme "tambi za saumu". Mjini Tanga! Tambi za sukari ni futari, yaani ni kitu cha kufungulia saumu, na bwana huyo angetulisha mchana kweupe.

Na maadamu tumezitaja hizo za futari, mpishi ajue kwamba pakiti ya tambi nyembamba zisizo na yai huingia jikoni ikiwa ya mimea mitupu, na mara nyingi huharibika katika sufuria, pale zinapokaangwa kwa samli kabla ya kutiwa sukari na iliki. Tui la nazi halina neno. Mwenye mgeni mlamimea azikaange kwa mafuta ya nazi au ya alizeti, na waandikao lebo waandike "za mimea mitupu", kwa sababu "za mboga" si kweli.