Ndovu Mmoja, Mafundisho Matatu: Wajaini na Ukweli wa Pande Nyingi

Kisa cha vipofu na ndovu kimezunguka dunia nzima, na karibu kila kinaposimuliwa leo humalizikia kwenye wasia uleule: kila mtu ameshika sehemu yake ya ukweli, basi tuvumiliane. Kwa Wajaini wa India, ambao kisa hiki hunasibishwa nao mara nyingi, wasia huo haufiki nusu ya jambo lenyewe. Wao wana fundisho liitwalo anekantavada, yaani fundisho la ukweli wenye pande nyingi, nalo ni nidhamu kali ya kusema na kukanusha. Njia nzuri ya kulielewa ni kukiweka kisa cha Wajaini kando ya masimulizi mengine mawili ya ndovu huyohuyo, la Wabudha na la Rumi, tuone kila mmoja anamlaumu kipofu kwa kosa gani.

Simulizi la Wabudha limo katika Udana, mojawapo ya vitabu vyao vya lugha ya Kipali. Mfalme wa mji wa Shravasti, kaskazini mwa India, anaamuru wakusanywe watu wote waliozaliwa vipofu, kisha kila kundi lishikishwe sehemu moja ya ndovu. Wanaogusa kichwa wanasema ndovu ni kama mtungi. Wa sikio wanasema ni ungo, wa mguu nguzo, wa mgongo kinu, wa mkia mchi. Kila kundi linashikilia lake, wanatupiana maneno, hatimaye wanapigana ngumi huku mfalme akiburudika. Buddha anakitoa kisa hiki baada ya kuambiwa kwamba watawa na wanafalsafa wa madhehebu mbalimbali mjini humo wanagombana juu ya maswali makubwa: je, ulimwengu ni wa milele au si wa milele? Una kikomo au hauna? Yeye haingii katika maswali hayo. Kwake kosa la vipofu ni kung'ang'ania, kwa kuwa wamefungamana na rai zao, na rai zenyewe hazimtoi mtu katika mateso. Dawa yake ni kuuachilia ugomvi na kushika njia ya ukombozi.

Rumi, mshairi wa Kisufi wa karne ya 13 aliyeandika kwa Kiajemi, analeta ndovu huyo katika kitabu cha tatu cha Masnavi yake. Kwake hakuna kipofu hata mmoja. Watu wana macho yao, ila ndovu yumo katika nyumba yenye giza, nao wanampapasa kwa viganja. Aliyegusa mkonga anadhani ni mlizamu wa maji, wa sikio anadhani ni pepeo, wa mguu nguzo, wa mgongo kiti cha enzi. Rumi anasema kila mmoja angekuwa na mshumaa mkononi, tofauti zao zingetoweka. Kosa, kwa hiyo, limo katika chombo wanachotumia: kiganja cha hisi hakiwezi kuufikia ukweli mzima. Linalotakiwa ni nuru ya ndani, na nuru ikifika hakuna tena la kujadili.

Wajaini wanakuja na lawama ya tatu. Hawa si wageni kwetu Afrika Mashariki, kwani jamii ya Waoshwal, waliotoka upande wa Jamnagar huko Gujarat, imekuwapo Kenya kwa vizazi kadhaa, na hekalu la Wajaini la marumaru nyeupe linajulikana na wakazi wengi wa Mombasa. Lakini maandishi yao juu ya ndovu ni ya zamani zaidi. Katika karne ya 12, mwanachuoni wa Gujarat aitwaye Hemachandra alitunga shairi la beti 32 la kuchambua madhehebu mengine. Mwaka 1292 Malisena akaliandikia ufafanuzi uitwao Syadvadamanjari, na humo akakitaja kisa cha vipofu na ndovu kama mfano wa watu wanaothibitisha upande mmoja wa kitu kwa kuufuta mwingine.

Lawama ya Malisena haimgusi kipofu katika kile alichokithibitisha. Aliyesema mguu ni kama nguzo amesema kweli, kwani mguu wa ndovu kweli ni mnene, wima na wa kubeba uzito. Kosa linaanza pale anaposema kwamba ndovu ni nguzo na si kitu kingine. Buddha anawaambia vipofu waache kushikilia, Rumi anawaambia waache kupapasa, lakini Mjaini anawaruhusu waendelee kupapasa na hata kushikilia walichokigusa, mradi wasikikanushe ambacho mikono yao haijakifikia.

Hemachandra aliliweka jambo hili katika daraja tatu za usemi. Ya chini ni kusema kitu “kipo hivi tu”, na usemi huo ni mtazamo mbovu kwa sababu neno “tu” linafunga mlango wa pande nyingine. Ya kati ni kusema “kipo hivi”, bila kutaja pande nyingine wala kuzipinga, na huo ni mtazamo halali ingawa ni wa sehemu. Ya juu ni kusema “kwa upande fulani, kipo hivi”, na hapo msemaji anakiri waziwazi kwamba ametazama mahali pamoja na kwamba pana kwingine pa kutazama. Usemi huu wa tatu ndio uitwao syadvada. Wapo waliouelewa kama fundisho la “huenda”, lakini hauna shaka ndani yake. Anayesema mguu wa ndovu ni kama nguzo kwa upande wa umbo na kazi yake ana hakika kamili. Alichofanya ni kuibainisha hakika hiyo inaishia wapi.

Tazama jinsi nidhamu hii inavyofanya kazi katika swali lilelile ambalo Buddha alilikwepa. Bhagavati, mojawapo ya vitabu vitakatifu vya Wajaini, kinasimulia habari za Skandaka, mtawa wa Shravasti, mji uleule wa mfalme wa ndovu. Skandaka aliulizwa kama ulimwengu una kikomo au hauna, akashindwa kujibu, akaenda kwa Mahavira, mwalimu mkuu wa Wajaini aliyeishi zama moja na Buddha. Mahavira hakukaa kimya, wala hakuchagua upande. Aliligawa swali kwa vipimo vinne. Kwa upande wa dutu, ulimwengu ni mmoja, kwa hiyo una kikomo. Kwa upande wa mahali, ni mkubwa mno lakini una mipaka, kwa hiyo una kikomo. Kwa upande wa wakati, haijapata kuwa siku usipokuwapo wala haitakuwa, kwa hiyo hauna kikomo. Kwa upande wa hali, mabadiliko yake hayahesabiki, kwa hiyo hauna kikomo. Majibu mawili ni ndiyo na mawili ni hapana, na kila moja limesimama imara mahali pake.

Hapo ndipo kisa cha ndovu kinapoanza kupungukiwa, hata kwa Wajaini wenyewe. Sehemu za ndovu hazipingani. Mguu kuwa kama nguzo hakulizuii sikio kuwa kama ungo, na ukizijumlisha sehemu zote unampata ndovu mzima. Anekantavada inadai jambo gumu zaidi: kitu kilekile, katika uhai wake mmoja, kina sifa zinazoelekea kinyume. Kwa hili Samantabhadra, mwanachuoni wa kale wa madhehebu ya Digambara aliyemtangulia Malisena kwa karne nyingi, alitumia mfano wa dhahabu. Chungu cha dhahabu kinayeyushwa ili kifuliwe taji. Aliyekitaka chungu anahuzunika, aliyelitaka taji anafurahi, na aliyeitaka dhahabu hana huzuni wala furaha. Hakuna kati yao aliyedanganyika. Katika tendo moja chungu kimekoma, taji limezaliwa, na dhahabu imebaki. Nyoyo tatu zimeitika kwa namna tatu kwa sababu kuna mambo matatu ya kweli yaliyotukia palepale. Kwa Wajaini hii ndiyo maana ya kuwapo: kila kilichopo kinazaliwa, kinakoma na kinadumu kwa pamoja.

Shankara, mwanafalsafa mkubwa wa Vedanta, alilishambulia fundisho hili vikali. Alisema sifa zinazopingana haziwezi kukaa katika kitu kimoja kwa wakati mmoja, kama vile joto na baridi zisivyoweza. Akaongeza kwamba anayekataa kutoa hukumu thabiti anakosa hata fundisho la kufundisha. Hoja ya kwanza inajibiwa na dhahabu: chungu hakidumu na kukoma kwa upande mmoja, bali kinakoma kwa upande wa umbo na kudumu kwa upande wa dutu. Ondoa maneno “kwa upande wa” na Shankara ameshinda, lakini kuyarudisha ndiyo kazi yote ya syadvada. Hoja ya pili ni nzito zaidi, kwani inauliza kama fundisho la pande nyingi lenyewe lina pande nyingi. Samantabhadra alikubali kwamba linazo: ujuzi ukitazamwa mzima una pande nyingi, na mtazamo mmoja ukitazamwa peke yake una upande mmoja ulio thabiti. Kwa hiyo mtu anaweza kusema jambo la hakika, ilimradi ajue amesimama wapi.

Kutokana na hayo ni rahisi kumtambua anayelitumia fundisho hili vibaya. Anayesema “wote wana haki” bila kuweza kutaja ni kwa upande gani kila mmoja ana haki hajafanya kazi ya Mjaini, kwa kuwa ameufunika ugomvi tu. Wajaini hawakuwaambia wapinzani wao kwamba wote wana haki. Waliwaambia Wabudha kwamba wanaposema vitu hupita kila nukta wameona umbo likibadilika, kisha wakaikana dutu. Waliwaambia Wavedanta kwamba wanaposema kuwapo ni kumoja wameiona dutu, kisha wakayakana maumbo. Kila mmoja alipewa haki yake na kuonyeshwa kosa lake katika sentensi moja.

Linabaki swali ambalo kila simulizi la ndovu hulizua: nani ana macho? Mtu hawezi kuwaita wengine vipofu bila kuwapo anayemwona ndovu mzima. Wabudha wanaye mfalme, na nyuma yake Buddha mwenyewe. Rumi anaye mwenye mshumaa. Wajaini nao wanaamini kwamba ujuzi kamili upo, na kwamba Mahavira aliufikia. Kwa hiyo ndovu yupo kweli, na si kila neno juu yake ni sawa. Ila mapokeo yao yanasema kwamba Jambu, aliyeipokea kazi kutoka kwa wanafunzi wa Mahavira, ndiye wa mwisho kuufikia ujuzi huo katika zama hizi. Hemachandra, Malisena na Samantabhadra, kwa imani yao wenyewe, waliandika baada ya macho hayo kufumbwa. Walikuwa na mafundisho ya aliyeona, lakini wao wenyewe walikuwa miongoni mwa wanaopapasa. Mtu wa namna hiyo hana ruhusa ya kunyamaza kwa kisingizio cha kutojua, wala ya kuhukumu kana kwamba ameona yote. Anawajibika kusema alichogusa na amekigusa wapi, kisha kumsikiliza aliyesimama upande wa pili.